Kiatu Kinahitaji Siku ya Kukauka

Kiatu cha ngozi kikivuliwa saa kumi na mbili jioni, alfajiri ya kesho yake bado hakijakauka, hata kama ukikipapasa nje unakiona kikavu. Maji yako ndani. Unyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi zaidi za jasho, na jasho la siku nzima, likishapita kwenye soksi, huingia katika bitana na soli ya ndani. Ingiza vidole hadi mwisho kabisa, kule mbele vinakokaa vidole vya mguu, ambako hewa haifiki. Ukihisi ubaridi, kiatu hicho bado kina maji.

Anayetaka uhakika atumie mizani ndogo ya jikoni. Pima kiatu asubuhi kabla ya kukivaa, kipime tena jioni. Gramu zilizoongezeka ni jasho, ukiondoa tope lililoganda kwenye soli. Kipime kesho yake asubuhi uone kama gramu hizo zimeondoka zote. Mjini Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika, hewa yenyewe ikiwa imejaa unyevu, kukauka huchukua muda mrefu zaidi kuliko katika baridi kavu ya bara.

Kinachoua ngozi ni kukunjwa ikiwa mbichi. Nyuzi zake zikilowa hulainika na kuvutika, na kila hatua huikunja palepale nyuma ya vidole. Makunyanzi yanazama, na chumvi ya jasho inabaki ndani kila maji yanapotoka, hadi siku moja unaona mstari mweupe, kisha ufa. Ndani nako bitana ya kisigino inachanika na soli ya ndani inajikunja kingo. Dawa ya viatu haisaidii hapo, kwa sababu inapakwa nje na uharibifu umeanzia ndani.

Tuchukue mtu wa ofisini mwenye jozi mbili, nyeusi na ya kahawia. Nyeusi anaivaa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ya kahawia Jumanne na Alhamisi. Wiki inayofuata anaanza na ya kahawia ili zichakae sawa. Jozi iliyovuliwa Jumatatu saa kumi na mbili jioni inarudi mguuni Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, yaani baada ya saa 36. Angekuwa na jozi moja, ingepata saa 12 tu. Ni kweli kwamba jozi mbili zinagharimu zaidi siku ya kununua. Lakini hapa sihesabu tu kwamba kila jozi inavaliwa nusu ya siku. Kila siku inayovaliwa, inavaliwa ikiwa kavu, na ndiyo maana jozi mbili za kupokezana hudumu kuliko jozi mbili zilezile zikivaliwa moja hadi iishe, kisha nyingine.

Jioni legeza kamba, vuta ulimi mbele, toa soli ya ndani kama inatoka. Ukinyeshewa, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa na uyabadilishe yakilowa, kisha ukilaze kiatu ubavu ili soli nayo ipate hewa. Feni inatosha. Jua kali, jiko la mkaa na nyuma ya friji huikausha ngozi haraka mno. Inakakamaa, na gundi ya soli inaachia.

Raba zina habari tofauti kidogo. Sponji yake ya katikati mara nyingi ni ya EVA, yenye vijishimo vidogo vya hewa vilivyozibwa, hivyo hainywi maji sana. Inachotaka ni muda wa kuinuka baada ya kugandamizwa. Kinachochelewa kukauka ni kitambaa na soli ya ndani. Ukiona mikunjo ya ubavuni haiondoki hata baada ya kupumzika siku mbili, sponji hiyo imeshachoka.

Sponji ya poliuretani ndiyo ya kuangalia kwa makini. Unyevu huvunja kemikali zake polepole, hata kiatu kikiwa kabatini. Ndiyo sababu kiatu cha mtumba kinachoonekana kipya, chenye ngozi safi na soli isiyolika, kinaweza kumeguka kama biskuti siku ya kwanza ya kuvaliwa. Kabla ya kulipa, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, kisha pinda kiatu. Ikitoka unga, ikinata au nyufa nyembamba zikifunguka, kiache.

Kwa hiyo kuna mpaka. Jozi mbili au tatu zinazozunguka kila wiki zinapata hewa na zinakaguliwa. Jozi ya saba iliyofungiwa kwenye boksi na mfuko wa plastiki ikisubiri harusi haipumziki: unyevu uliofungiwa nayo unaendelea kuila soli, na ukungu unaota kwenye ngozi. Itoe nje ya plastiki, iweke penye hewa kavu, na uivae mara mojamoja.