Baluni ya heliamu imenywea? Kabla ya kumlaumu muuzaji, piga hesabu hii

Umewahi kununua baluni za heliamu leo kwa sababu bathdei ni kesho? Usiku zilikuwa zimegusa dari. Asubuhi unazipata sakafuni, zimenywea, ilhali zile ulizopuliza kwa mdomo bado ni ngumu. Muuzaji hakukupiga. Gesi nyepesi hutoroka haraka.

Mkemia Mskoti, Thomas Graham, ndiye aliyepima jambo hili katika karne ya 19. Aliona kwamba gesi ikipenya kitundu kidogo sana, kasi yake huenda kinyume na kipeuo cha pili cha masi ya moli, yaani uzito wa moli moja kwa gramu. Mbona hivyo? Katika halijoto moja, molekuli za gesi zote zina wastani sawa wa nishati ya mwendo. Iliyo nyepesi lazima ikimbie zaidi ili kufikia nishati hiyo, kwa hivyo hukipata kitundu mara nyingi zaidi.

Sasa kalamu. Masi ya moli ya heliamu ni 4. Nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya pumzi yako, ni 28. Gawanya 28 kwa 4 upate 7. Usisimame hapo! Tafuta kipeuo cha pili cha 7: kama 2.6. Basi heliamu hupenya mara 2.6 zaidi ya nitrojeni, si mara 7.

Kwenye mtihani, mtego huwa kwenye muda. Tuseme oksijeni (masi 32) imechukua sekunde 40 kupita kitunduni, na gesi X ya ujazo uo huo, katika halijoto na shinikizo sawa, ikachukua 10. Wengi hukimbilia kuweka sekunde mahali pa kasi. Kumbe aliyetumia muda mfupi ndiye mwenye kasi kubwa! X ina kasi mara 4 ya oksijeni, na mraba wa 4 ni 16. Gawanya 32 kwa 16 upate 2. Hiyo ni hidrojeni. Ukigeuza hesabu utapata 512, na hapo ujiulize: gesi nzito hivyo ingeishindaje oksijeni mbio?

Lakini turudi kwa baluni, maana kuna kitu vitabu hupenda kuruka. Raba si ukuta wenye vitundu tu. Gesi huyeyuka ndani yake kisha hutokea upande wa pili. Jaza baluni kwa kaboni dayoksaidi ya siki na bekingi soda. Masi yake ni 44, kwa hivyo ungetarajia ikae kuliko zote. Wapi! Itanywea hata kabla ya ile ya heliamu, kwa kuwa gesi hiyo huyeyuka vizuri sana kwenye raba. Kwa hivyo ile 2.6 yetu ni ya kitundu halisi. Kwa baluni ni makadirio tu.