Kisanduku Kimoja, Kanuni Tatu

Chukua kisanduku cha kilo 2, kiachie kiteleze kutoka juu ya ubao laini usio na msuguano. Ubao umeinama nyuzi 30, una urefu wa mita 2.5, na ncha yake ya juu iko mita 1.25 kutoka sakafuni. Kikifika chini kitakuwa na kasi gani? Kitatumia muda gani kufika? Halafu tuseme huko chini kinakuta kisanduku kingine cha kilo 3 kimetulia, vinagongana na kunasana. Vitaondoka pamoja kwa kasi gani?

Mchoro ni ule ule, lakini kila swali lina mlango wake. La kwanza linafunguka kwa hifadhi ya nishati: nishati ya kimo inageuka kuwa nishati ya mwendo, tungamo linafutika pande zote mbili, na ukichukua g kuwa 10 unapata mita 5 kwa sekunde. Kwenye swali la pili nishati inanyamaza, kwa sababu mlinganyo wake hauna muda ndani yake. Inabidi urudi kwa Newton. Sehemu ya uzito inayovuta kufuata ubao ni nusu ya uzito wote, mchapuko ni 5 m/s², na s = ½at² inakupa sekunde 1. Swali la tatu ni la momenta: 2 mara 5 ni 10, gawanya kwa kilo 5, visanduku vinaondoka kwa mita 2 kwa sekunde.

Hilo la tatu ndilo linaloangusha wengi. Mwanafunzi aliyetoka kukesha na nishati ataendelea nayo tu. Ataona kisanduku kimefika chini kikiwa na jouli 25, atazigawia kilo 5, na atapata kasi ya takriban mita 3.16 kwa sekunde. Hesabu yake haina kosa hata moja. Kosa ni kwamba vitu vinaponasana nishati ya mwendo haihifadhiwi. Kwa kasi halisi ya mita 2, jouli zilizobaki ni 10. Zile 15 zimeishia kwenye joto, sauti na kubonyea kwa mbao. Momenta ndiyo iliyovuka mgongano ikiwa nzima.

Sasa fikiria mwanafunzi huyo alivyojisomea. Alifungua sura ya nishati, akafanya maswali ishirini ya mwishoni mwa sura, na kumi ya mwisho akayapita kama maji. Wiki iliyofuata akafanya vivyo hivyo kwa momenta. Haya ndiyo mazoezi ya mafungu, na vitabu vingi vimepangwa hivyo. Tatizo ni kwamba kichwa cha sura kilikuwa kimeshamtajia kanuni kabla hajasoma swali. Alijizoeza kuitumia, hakujizoeza kuichagua. Kwenye mtihani maswali huja yamechanganywa, na hakuna aliyeandika juu yake “hili ni la momenta”.

Kuchagua ni kazi kweli. Mwaka 1981 Michelene Chi na wenzake, Paul Feltovich na Robert Glaser, walichapisha utafiti ambao sasa ni maarufu miongoni mwa wanaochunguza ufundishaji wa fizikia. Waliwapa watu maswali wayapange kwa makundi ya yanayofanana. Wanafunzi wachanga waliweka miteremko na miteremko, springi na springi. Waliobobea waliweka pamoja maswali ya kanuni moja, hata kama michoro yake haikufanana kabisa. Kwao, kisanduku chetu cha swali la kwanza na embe linalodondoka kutoka kimo cha mita 1.25 ni jambo moja: vyote vinafika chini kwa mita 5 kwa sekunde, kwa sababu ile ile.

Je, kuchanganya maswali kunasaidia? Joshua Samani na Steven Pan walijaribu hilo katika kozi ya fizikia kwenye Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na matokeo yakatoka mwaka 2021. Wanafunzi walipewa kazi za nyumbani, baadhi zikiwa zimepangwa kwa mafungu na nyingine zimechanganywa. Kisha wakaja na majaribio ya kushtukiza yenye maswali mapya na magumu zaidi. Waliochanganya walifanya vizuri zaidi: alama ya kati ilikuwa juu kwa asilimia 50 katika jaribio la kwanza na asilimia 125 katika la pili. Hata hivyo wanafunzi wenyewe waliona kuchanganya ni kugumu zaidi, na walidhani wanajifunza kidogo.

Dhana hiyo ina chanzo chake. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika jaribio la mwaka 2007 la kukokotoa ujazo wa maumbo, waliona waliofanya kwa mafungu wakipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganya 60. Wiki moja baadaye ilikuwa 20 kwa 63. Aliyejipima kwa jinsi mazoezi yalivyoteleza usiku ule alijipima kwa kipimo kibovu.

Ukitaka kujaribu, usianze kuchanganya siku ya kwanza ya mada. Kanuni usiyoijua huwezi kuichagua. Soma, fuatilia mifano miwili mitatu iliyokokotolewa, fanya mingine miwili peke yako, kisha iingize mada hiyo kwenye mchanganyiko. Nakili maswali kwenye vipande vya karatasi bila jina la sura, namba ya jibu ukiiandika nyuma, na uvichanganye. Changanya mada zinazogombaniwa na maswali yale yale: nishati, momenta, sheria za Newton, milinganyo ya mwendo. Kuweka swali la lenzi katikati ya hayo hakukufundishi mengi, maana hakuna anayeliona lenzi akafikiria momenta.

Kabla ya kugusa kikokotoo, andika mstari mmoja: kanuni gani, na kitu gani kwenye swali kinairuhusu. “Momenta, kwa sababu vinagongana na hakuna kani kubwa ya nje kwa wakati huo mfupi.” Mstari huo ndio zoezi lenyewe, siku ukiwa na muda mchache, andika mistari kumi ya namna hiyo na usikokotoe chochote. Ukikosea, tenga makosa ya kuchagua na makosa ya hesabu. Ukifungua majibu ukajikuta unasema “aa, kumbe hili nalijua,” hilo ni kosa la kuchagua. Kusoma sura upya hakutalitibu.

Majibu lazima yawepo. Mchanganyiko usio na masahihisho unaweza kukuzoesha kuchagua vibaya kwa kujiamini, kama yule wa mita 3.16. Na wakati mwingine milango ni miwili: visanduku vyetu vilivyonasana vikiingia kwenye sakafu yenye kizio cha msuguano 0.4, vitasimama baada ya mita 0.5, ukitumia Newton au ukitumia nishati. Hapo andika njia zote mbili, useme ipi ni fupi.

Mwalimu naye hahitaji kitabu kipya. Kama kazi ya leo ni maswali kumi ya momenta, atoe manne, na sita ayachote kutoka mada za wiki zilizopita. Yale sita ya momenta yaliyobaki ayahifadhi kwa wiki zijazo, wanafunzi wakiwa wameanza kuyasahau.