Mbona riba ya Agosti imezidi ya Septemba?

Umechukua mkopo, riba ni ileile, hujaongeza hata shilingi. Lakini Agosti umekatwa zaidi kuliko Septemba. Je, umeibiwa? Si lazima. Agosti ina siku 31, Septemba 30, na mkopeshaji wako huenda anahesabu siku moja moja.

Twende na mfano wa mkulima wa chai wa Londiani. Bonasi ya chai kwa kawaida huingia Oktoba, kwa hivyo tarehe 1 Julai anakopa Sh36,500 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, akitarajia kulipa yote tarehe 1 Oktoba.

Kwa mwaka mzima, riba yake ni Sh4,380. Gawanya kwa siku 365, unapata Sh12 kwa siku. Kuanzia 1 Julai hadi 1 Oktoba ni siku 92, yaani 31, 31 na 30. (Siku ya kukopa inahesabiwa, siku ya kulipa haihesabiwi.) Riba ni Sh1,104.

Mkopeshaji mwingine huchukulia kila mwezi una siku 30 na mwaka una siku 360. Kwake hiyo ni miezi mitatu tu, sawa na robo mwaka, na riba ni Sh1,095. Tofauti ni Sh9, na ukimaliza mwaka mzima njia zote mbili zinafika palepale, Sh4,380.

Shida iko kwenye njia ya tatu: siku zinahesabiwa zote 92, lakini riba ya mwaka inagawanywa kwa 360. Hapo mkulima wetu analipa Sh1,119.33. Akikaa na deni hilo mwaka mzima bila kulipunguza, atatozwa Sh4,440.83, karibu Sh61 zaidi. Mkataba unasema asilimia 12, lakini yeye analipa takriban 12.17. Mikopo ya dola huhesabiwa hivi mara nyingi. Kwa shilingi, 365 ndiyo namba ya kutarajia. Hata Benki Kuu ya Kenya huitumia kwa dhamana za Serikali za siku 91, 182 na 364.

Kwenye akiba mambo hugeuka. Ukiweka Sh36,500 kwa asilimia 6, Februari ya siku 28 inakupa Sh168 kwa hesabu ya siku halisi, lakini Sh182.50 kwa mwezi wa siku 30. Usishtuke riba ikishuka Februari. Miezi ya siku 31 itafidia.

Basi kabla ya kubonyeza “Kubali”, uliza maswali mawili: mnahesabu siku halisi au mwezi wa siku 30? Na mwaka wenu una siku ngapi? Ukijibiwa “siku halisi, mwaka wa 360”, jua bei imepanda kidogo kuliko ilivyoandikwa. Halafu angalia tarehe ya mwisho. Mkopo wa siku 30 uliochukuliwa 1 Julai unaisha 31 Julai. Ukisubiri 1 Agosti, tayari umechelewa.