Kujibu Ujumbe wa Mzazi Uliosahauliwa

Mwalimu wa darasa hupokea ujumbe wa wazazi kwa njia nyingi. Upo uletwao katika karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari la mtoto, upo ulioandikwa nyuma ya ripoti ya muhula, na siku hizi upo uingiao katika simu ya mkononi usiku mwalimu akisahihisha madaftari. Katika darasa lenye watoto wengi, hapana budi siku moja ujumbe mmoja usahauliwe. Makala haya hayahusu njia za kuzuia jambo hilo. Yahusu barua ndogo ambayo mwalimu huiandika siku aukutapo ujumbe ule, siku kadhaa zikiwa zimekwisha kupita.

Tuchukue mfano. Mwanachuo yumo katika mazoezi ya kufundisha, naye amekabidhiwa Darasa la Nne. Jumatatu, tarehe 3, mtoto mmoja, ambaye kwa ajili ya mfano tutamwita Neema, ampa karatasi kutoka kwa mama yake. Mama huyo aeleza kwamba binti yake hulalamika kuwa haoni vizuri maandishi ya ubaoni. Aomba mtoto akalishwe mbele, tena auliza kama mwalimu aona yafaa apelekwe kupimwa macho. Mwalimu aisoma karatasi mlangoni, kengele yalia, aitia ndani ya kitabu cha mwongozo cha somo ambalo halitafundishwa hadi juma lijalo. Aikuta Jumatano, tarehe 12. Kwa siku tisa Neema amekaa nyuma.

Walimu wengi wakifikwa na jambo hili huandika barua ya namna hii:

«Mzazi Mpendwa, Shikamoo. Habari za siku nyingi? Natumaini wewe na familia nzima hamjambo. Sisi huku hatujambo ila kazi tu. Kwanza kabisa naomba samahani sana kwa kuchelewa kujibu. Kwa kweli juma lililopita lilikuwa gumu mno, kwani tulikuwa na majaribio, na mwalimu mwenzangu aliugua, nikashika madarasa mawili, na barua yako ikasahaulika ndani ya kitabu. Naomba unisamehe sana, si kawaida yangu. Kuhusu Neema, nitalishughulikia. Samahani tena kwa usumbufu wowote uliojitokeza.»

Barua hii si ya mtu mbaya. Aliyeiandika anaona haya, na haya ni jambo jema kwa mwalimu. Lakini tuhesabu. Radhi imeombwa mara tatu. Maelezo ya shida za mwandishi yamepewa sentensi ndefu kuliko zote. Neema, ambaye ndiye sababu ya barua, amepata maneno matatu: «Kuhusu Neema, nitalishughulikia.» Mama aliyeuliza swali hajui hata sasa kama mtoto wake amehamishwa, wala kama ampeleke kupimwa. Zaidi ya hayo amepewa mzigo asiouomba: sharti sasa ampe pole mwalimu kwa madarasa mawili na kumwambia asijali. Aliyekosewa amefanywa mfariji.

Itazameni tena ile sentensi «barua yako ikasahaulika». Wanachuo wamekwisha kujifunza kauli ya kutendeka: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Kauli hiyo hueleza hali ya kitu pasipo kumtaja mtenda. Ndiyo maana mtoto aliyeangusha kikombe hukimbilia kusema «kimevunjika», wala hasemi «nimekivunja». Barua haijisahau yenyewe. Mwalimu aandikapo «ikasahaulika» ametumia sarufi kujificha, na mzazi, hata kama hajui jina la kauli hiyo, huisikia. Neno lifaalo ni «nikaisahau», ambalo kiambishi chake cha mwanzo chamtaja mtu. Silabi moja tu, «ni», hufanya kazi ambayo maelezo ya mistari minne hayakuifanya. Vivyo hivyo yaepukwe yale maneno yetu ya kuzoeleka ya «mambo yaliingiliana» na «shetani alinipitia». Barazani hayana ubaya, na pengine huchekesha; katika barua ya mwalimu humtafuta mtenda mwingine. «Nilighafilika» ni neno la adabu, na wazee wengi hulipenda, ila katika barua ya kazi mimi huona «nilisahau» halina mfano kwa uwazi.

Sasa tuone jibu jingine. Kabla ya kuliandika, mwalimu wetu ametenda mambo mawili asubuhi ya tarehe 12. Amemhamishia Neema dawati la mbele. Kisha amefungua daftari lake la Hisabati na kulinganisha hesabu alizonakili kutoka ubaoni akiwa nyuma na zile alizonakili leo. Mchana ndipo aandikapo:

«Mama Neema,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 3 niliipata siku ileile, nikaisahau hadi leo. Niwie radhi.

Tangu asubuhi Neema anakaa dawati la mbele, katikati. Katika daftari lake la Hisabati nimeona kwamba alipokuwa nyuma alinakili baadhi ya tarakimu vibaya, hasa 3 na 8. Leo amezinakili zote sawasawa. Nashauri apimwe macho. Hesabu za siku hizo nitazirudia naye juma hili, na Ijumaa nitakuandikia nilivyomwona.

Mwalimu wa Darasa la Nne
Tarehe 12»

Kosa na radhi vimechukua sentensi mbili. Sentensi ya kwanza ina tarehe, nayo tarehe ina kazi yake: mzazi aona kwamba karatasi ilifika, hivyo mtoto hakuipoteza njiani. Hilo si dogo. Nyumbani kwa Neema huenda alikwisha kukaripiwa kwa kutoifikisha barua, na maneno «niliipata siku ileile» yamemtoa lawamani. Mwalimu aandikaye «barua yako nimeiona leo» hasemi uongo hasa, kwa kuwa leo ameiona tena, lakini amemwachia mtoto kosa lake.

Kisha radhi imeombwa mara moja, bila «sana», bila «kama nimekukosea». Neno «kama» hapo lingemtaka mzazi athibitishe kwamba amekosewa. Wala baada ya radhi halikufuata neno «lakini» au «ila», maana lolote lifuatalo «lakini» huila radhi iliyotangulia. Kuhusu uchaguzi wa neno lenyewe, «niwie radhi», «nisamehe» na «samahani» yote yafaa, ingawa «samahani» limepungua uzito kwa kuwa twalitumia hata kumwomba mtu apishe njia. «Pole» halifai kabisa. Mwanachuo mmoja mmoja huandika «pole kwa kuchelewa kupata jibu», naye hudhani ameomba radhi. «Pole» ni neno la kumliwaza mtu aliyefikwa na jambo. Halisemi nani aliyemfikishia.

Sehemu kubwa iliyosalia ni jibu, nalo lajibu maswali yote mawili ya mama. Angalieni kwamba mwalimu hakusema «nitamhamisha» bali kwamba mtoto anakaa mbele tangu asubuhi. Aliyechelewa siku tisa hana tena akiba ya ahadi. Humpasa atende kwanza, ndipo aandike. Ahadi zilizobaki, ya kurudia hesabu na ya kuandika Ijumaa, ni ndogo na zina muda wake. Ijumaa ikipita kimya, barua hii nzuri yote imekuwa bure, kwa hiyo asiyeweza kuitimiza asiiandike. Na katika ushauri wake hakuvuka mpaka. Tarakimu zilizonakiliwa vibaya ni sababu ya kutosha ya kumpeleka mtoto kwa mganga. Hazimwezeshi mwalimu kusema macho yana ugonjwa gani.

Huenda wanachuo wakauliza juu ya salamu. Barua ya Kiswahili isiyo na salamu ni kavu, na kwa mzazi aliyemzidi mwalimu umri yaonekana ni kiburi; basi «Shikamoo» libaki. Yale yafuatayo, habari za siku nyingi na za familia nzima, ni mazuri katika barua ya kirafiki, lakini katika jibu lililochelewa humfanya msomaji angoje tena. Tena kumwuliza «habari za siku nyingi» mtu ambaye wewe ndiwe uliyemnyamazia siku hizo ni karibu na dhihaka.

Je, sababu isitajwe kamwe? Itajwe pale inapomsaidia mzazi kupanga jambo lake. Ikiwa mwalimu alilazwa, na bado hatarudi darasani juma hili, mzazi ahitaji kulijua hilo, na kifungu kimoja chatosha: «nililazwa tangu tarehe 4, na darasa lina mwalimu mwingine hadi tarehe 20.» Sababu ambayo yamhusu mwandishi peke yake ibaki kwa mwandishi. Mzazi akitaka kuijua atauliza, na akiuliza aambiwe kweli.

Barua fupi ina mpaka wake pia. Ikiwa kusahau kwa mwalimu kumemkosesha mtoto kitu kisichoweza kurudishwa, kama kuandikishwa kwa mtihani ambao siku yake imekwisha kupita, karatasi haitoshi. Mwalimu amwarifu mwalimu mkuu siku hiyohiyo, kisha aende kwa mzazi kwa miguu yake. Na ikiwa mzazi wa Neema atajibu kwa ukali, mwalimu asirudie kuomba radhi katika barua ya pili. Radhi imekwisha ombwa. Lililobaki ni kumweleza mtoto aendeleaje.

Ustadi huu waweza kufundishwa hata Darasa la Sita, katika kipindi kimoja cha dakika 40. Vitabu vya zamani vilikuwa na zoezi la kuandika simu ya maandishi, ambayo kila neno lake lililipiwa posta, na watoto walijifunza upesi kuacha yasiyohitajika. Simu hizo zimekwisha, lakini zoezi lake lafaa bado. Mwalimu aandike ubaoni barua ndefu kama ile ya kwanza, akiigeuza iwe ya mtoto aliyesahau kumjibu rafiki aliyeomba kuazimwa kitabu. Watoto wapige mstari chini ya kila neno la kuomba radhi, wabakize moja. Halafu wazungushie duara kila sentensi isemayo habari za mwandishi, na kwa kila mojawapo waulize: rafiki atafanya nini kwa habari hii? Isiyo na jibu ifutwe. Kwa kawaida baada ya kufuta hubaki salamu, radhi, na pengo pale jibu lilipopaswa kuwa, kwa maana katika barua hizo jibu mara nyingi halikuwamo tangu mwanzo. Dakika 15 za mwisho ni za kuliandika: kitabu kipo au hakipo, na kama kipo, rafiki atakipata siku gani na mahali gani.