Picha ya Neema Haina Jina

Barua ilikuja ndani ya daftari la Hisabati, imekunjwa mara nne, juu yake imeandikwa YAH: PICHA ZA WANAFUNZI MTANDAONI. Mwalimu mkuu anatuarifu wazazi na walezi kwamba shule itaendelea kuweka picha za mahafali na michezo kwenye ukurasa wake, ila kuanzia sasa hakuna picha itakayotaja jina la mtoto. Chini yake tutasoma "mwanafunzi wa darasa la sita", basi.

Jioni ile kundi letu la WhatsApp liliwaka moto. Mzazi mmoja aliuliza: mwanangu kashika namba moja kwa jasho lake, mbona afichwe kama mwizi? Lilikuwa swali la haki, na barua ilikuwa imelijibu, ila wengi wetu tuliishia kwenye aya ya kwanza.

Mtu aliyeko mbali akiona binti amebeba kikombe, ameona binti na kikombe tu. Mwandikie chini yake Neema Joseph, tuseme ndilo jina lake, uone. Majina yetu yana maneno mengi. Joseph ni baba yake. Mama yake, mtaani kote, ni Mama Neema. Sweta limeshataja shule, na tangazo limetaja darasa. Sasa mtu asiyemjua kabisa anaweza kusimama getini saa tisa alasiri akasema: "Neema, baba Joseph kanituma nikuchukue." Tumemfundisha mtoto asifuatane na mgeni, lakini kwa akili yake mgeni hajui jina lako wala la baba yako.

Kuna na wale wa kwenye simu: mtoto wako kaanguka shuleni, tuma haraka hela ya hospitali kwa namba hii. Mpigaji akitaja jina na darasa, mkono wa mzazi huenda kwenye simu kabla akili haijafika.

Jina pia ndilo kamba inayofunga picha pamoja. Mtu akitafuta mtandaoni huandika jina, na picha ya chekechea, ya darasa la nne na ya mahafali zote huibuka pamoja. Bila jina, kila picha hubaki peke yake, na kuziunganisha ni kazi.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni pale mwalimu anapoeleza jina linavyojificha. Kufuta maandishi chini ya picha hakutoshi. Faili lenyewe huweza kuitwa Neema-Joseph-Std6.jpg, na likipandishwa kwenye tovuti jina hilo hubaki kwenye anwani ya picha, ambako injini za kutafutia hulisoma. Shule sasa itayapa mafaili namba tu, kama vile mahafali-014.jpg. Halafu kuna cheti: mtoto amekishika kifuani, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, na ukivuta picha unalisoma vizuri. Mpiga picha ameagizwa amgeuze mtoto ashike cheti kwa nyuma au afiche maandishi kwa kiganja. Jina lililodariziwa kwenye sweta litazibwa kabla picha haijatoka.

Na mwisho tupo sisi wenyewe. Shule inaweka picha safi, isiyo na jina, na baada ya dakika tano shangazi anaandika chini yake: "Hongera Neema wangu, umefanana na baba Joseph!" Kazi yote imekwisha hapo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Jirani zetu Kenya wameshaonja makali: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ona kwamba kosa pale lilikuwa picha zenyewe. Ndiyo maana barua yetu ina fomu nyuma yake: mzazi asiyetaka hata sura ya mwanawe ionekane anaweka alama, na mtoto haulizwi kwa nini.

Mwalimu hakudai kwamba hili linaziba kila tundu. Anayemjua Neema kwa sura atamtambua bila jina, na picha za zamani zilizokwisha kupakuliwa na watu shule haiwezi kuzirudisha. Itakachofanya ni kuondoa majina kwenye zile zilizobaki ukurasani.

Na yule aliyeshika namba moja? Jina lake litasomwa kwenye paredi Jumatatu asubuhi na kubandikwa ubao wa matangazo, ndani ya geti, wanapolisoma wanaomjua. Kikombe chake atakipeleka nyumbani akipige picha na bibi.

Fomu inatakiwa kurudi Ijumaa. Shangazi, kama unasoma hapa, andika "hongera" tu.