Kauli ipi ya jaji inafunga?

Mwaka 2010, katika rufaa ya Godfrey Mutiso, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji amhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Hicho ndicho kiini cha uamuzi, na ndicho kinachozifunga mahakama za chini. Majaji waliongeza kwamba huenda hoja hiyo ikagusa pia wizi wa mabavu, lakini hilo halikuwa limebishaniwa mbele yao. Hayo ni maneno ya pembeni: yanashawishi, hayafungi.

Mwaka 2013 likaja shauri la Mwaura, la wizi wa mabavu. Mahakama ingeweza kulitofautisha tu, kwa kuwa kosa lilikuwa jingine. Badala yake, majaji watano waliutangua msimamo wa Mutiso wenyewe. Naona walikwenda mbali mno. Mwaka 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ilirudisha msimamo wa awali kuhusu mauaji. Mahakama nyingi zikautumia hata kwa makosa mengine, hadi mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilipofafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee.