Gari la Kukodi: Dhamana Yako Hulindwa Siku ya Kuchukua

Ugomvi wa gari la kukodi huzuka siku ya kurudisha, lakini mara nyingi chanzo chake ni siku ya kuchukua. Tuchukue mfano wa mtu wa Dar es Salaam anayekodi gari mtandaoni ili aende harusini Morogoro.

Anachagua Ijumaa saa 4 asubuhi hadi Jumatatu saa 4 asubuhi. Mtambo hulikubali ombi iwapo hakuna mwingine aliyechukua gari hilo katika muda huo, ukiacha na saa chache za kuliosha na kulikagua. Kampuni nyingi huhesabu siku kwa saa 24, hivyo hizo ni siku 3. Kwa shilingi 80,000 kwa siku, analipa 240,000, na juu yake anaweka dhamana ya 500,000.

Dhamana si sehemu ya kodi. Akitumia kadi, benki huweza kuizuia tu bila kuihamisha. Akilipa kwa simu, fedha huondoka kabisa na hurudi pale kampuni inapozituma. Basi aulize mapema: itarudi baada ya siku ngapi?

Kisha asome kipengele cha uharibifu. Hata gari lenye bima kubwa, mkodishaji huweza kumtaka mteja abebe sehemu ya kwanza ya hasara. Tuseme kikomo ni 500,000: ajali ya 1,800,000 itamgharimu 500,000, na inayobaki ni ya bima. Lakini mikataba mingi huacha nje matairi, vioo na uvungu wa gari. Na akimpa usukani mtu asiyeandikwa kwenye mkataba, kinga yote yaweza kuanguka.

Kabla ya kuondoka alizunguke gari mchana, apige picha pande zote, bampa, rimu, kioo cha mbele, tairi la akiba na jeki. Apige pia dashibodi, ionyeshe kilomita na mafuta. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu, na pande zote mbili zitie saini.

Jumatatu anarudi saa 8 mchana, amechelewa saa 4. Kwa masharti ya mkataba wake, hiyo ni siku nzima: 80,000. Mafuta yamepungua lita 10, kwa 3,000 kila lita: 30,000. Bampa lina mkwaruzo mpya, na fundi anataka 180,000. Jumla ni 290,000, hivyo anarudishiwa 210,000.

Mkwaruzo huo ungekuwemo kwenye picha za Ijumaa, angerudishiwa 390,000. Kwa hiyo usikabidhi funguo na kuondoka kabla ya ukaguzi. Kagueni pamoja, linganisheni na fomu ya kwanza, na ukikatwa chochote, dai hesabu ya maandishi pamoja na risiti ya fundi.